Mfamasia Akikujibu kwa Kutaja Ugonjwa Wako

Tuseme unatumia dawa ya kifafa. Umenunua dukani Nakuru, na ulipofika nyumbani ukakuta umepewa vidonge vya miligramu 400 badala ya 200 alizoandika daktari. Kwa hasira ukaandika Facebook kwamba duka hilo limekupa dawa isiyo sahihi. Ugonjwa hukuutaja. Jioni mfamasia akajibu hapo hapo: "Huyu dada ana kifafa, na husahau mambo. Alipewa alichoandikiwa." Mwajiri wako akasoma.

Wengi hudhani aliyelalamika hadharani amejivua siri yake. Sivyo. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 11, inalinda habari za hali ya afya yako, matibabu yako na hata kukaa kwako hospitalini. Wewe unaweza kutangaza unachotaka kuhusu mwili wako. Ruhusa hiyo haimhamii aliyekuhudumia. Hata kama ni kweli dawa ilikuwa sahihi, hajapata haki ya kutaja kifafa. Angeweza kuandika kwamba duka halizungumzii habari za mteja yeyote hadharani, na mwenye lalamiko apige simu. Jibu la namna hiyo halimpendezi mtu anayeona jina lake linachafuliwa, lakini ndilo linaloruhusiwa. Utetezi wa kina, pamoja na kumbukumbu za dawa, ataupeleka kwenye Bodi ya Famasia na Sumu au mahakamani, ambako sheria inamruhusu kujitetea.

Kabla ya kumwomba afute, piga picha ya skrini inayoonyesha maneno, jina la ukurasa na tarehe. Watu hufuta haraka wakishtuka. Kisha tenganisha malalamiko mawili. La kufichua siri lipeleke kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, na fidia inaweza kuhusu fadhaa uliyopata, si hasara ya fedha tu. La dawa isiyo sahihi ni la Bodi ya Famasia na Sumu: peleka cheti cha daktari, risiti na pakiti yenyewe, na usiitupe pakiti hiyo. Angalia pia kama aliyekuhudumia yumo kwenye orodha ya bodi na ana leseni ya mwaka huu. Koti jeupe huvaliwa na yeyote.

Nawe una mpaka wako. Ukiandika "walinipa 400, cheti kinasema 200", una karatasi ya kukulinda. Ukiandika "ni wauaji, hawana leseni" bila kuhakikisha, anaweza kukushtaki kwa kashfa, na kosa lake la kutoa siri halitakuwa kinga yako.