Kenta ya mchele Igawa: ukodi au ununue?

Mchele wa bonde la Usangu ukitoka vinuni Mbarali hufika Igawa, kwenye barabara ya TANZAM, halafu huelekea Makambako na Iringa au hugeukia Mbeya. Tuseme kampuni yako ina kinu na inataka kenta ya tani 4 kwa miaka minne. Kwa mfano wetu, kuinunua ni shilingi milioni 60. Kuikodi ni milioni 1.8 kwa mwezi, na mwenye gari ndiye anayelipa bima na matengenezo. Mafuta na dereva ni juu yako kwa vyovyote vile, kwa hiyo viache nje ya hesabu.

1. Usilinganishe 86.4 na 60.
Miezi 48 ya kukodi inafika milioni 86.4, na hapo wengi hukimbilia kununua. Lakini milioni 60 zinatoka leo, ilhali malipo ya kukodi yanatoka kidogo kidogo, na kila shilingi ya gharama inapunguza faida inayotozwa kodi ya mapato. Kampuni hutozwa asilimia 30, hivyo milioni 21.6 za kukodi kwa mwaka zinakugharimu milioni 15.12 tu.

2. Rudisha kila kiasi kwenye thamani ya leo.
Tumia riba ya benki yako baada ya kodi. Ikiwa benki inakukopesha kwa asilimia 17, riba hiyo nayo inapunguza kodi, kwa hiyo gharama halisi ni karibu asilimia 12. Kwa kiwango hicho, milioni 1 ya mwaka kesho ni sawa na 893,000 leo, na ya mwaka wa nne ni 636,000. Ukiipitisha milioni 15.12 hapo kwa miaka minne, kukodi kunakugharimu milioni 45.9 za leo. Marejesho ya mkopo wa gari usiyaongeze juu ya bei: punguzo limeshaihesabu riba, na ukiyaongeza utakuwa umelipa mara mbili.

3. Upande wa kununua, anza na uchakavu.
Sheria ya Kodi ya Mapato inaliweka gari la mizigo lisilofika tani 7 kwenye daraja la kwanza: unakata asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. (Malori mazito ni asilimia 25.) Kwa milioni 60, mwaka wa kwanza unakata 22.5, wa pili 14.06, wa tatu 8.79. Asilimia 30 ya makato hayo ni kodi usiyolipa, nayo kwa thamani ya leo ni milioni 11.3.

Mwaka wa nne unauza. Vitabuni gari limebaki na milioni 14.65. Ukiliuza 24, ziada ya 9.35 ni mapato na inatozwa kodi. Mkononi unabaki na 21.2, ambazo leo ni 13.5. Sasa ongeza bima na matengenezo, tuseme milioni 4 kwa mwaka: baada ya kodi ni milioni 8.5 za leo. Jumla ya kununua ni 60, toa 11.3, toa 13.5, ongeza 8.5, yaani karibu milioni 43.8. Kununua kunashinda kwa milioni 2 na kidogo.

4. Bei ya kuuzia ndiyo inayoamua.
Hapa ndipo pa kukazia macho. Kenta hiyohiyo ikiuzwa 18 badala ya 24, kununua kunapanda hadi milioni 46.4 na kukodi kunashinda. Mpaka wao ni kama milioni 19. Kwa hiyo kabla ya kusaini, waulize madalali wa magari wa Mbeya na Makambako kenta ya miaka minne iliyobeba magunia inauzwaje. Bei ya tangazo haitoshi. Uliza iliyolipwa.

5. Soma mkataba unasema gari ni la nani mwishoni.
Kama malipo ya kila mwezi yanaishia gari kuwa lako, sheria inakuona kama mnunuzi kwa mkopo. Unachokata ni uchakavu na riba, si malipo yote, na hesabu ya kidokezo cha 2 haikuhusu.

6. Kama huna kampuni, angalia unalipaje kodi.
Mfanyabiashara binafsi anayetozwa kwa makadirio ya mauzo hakati uchakavu wala malipo ya kukodi. Rudia hesabu bila kodi, kwa asilimia 17 kamili: mpaka wa bei ya kuuzia unapanda hadi karibu milioni 22.

7. Hesabu miezi unayoihitaji kweli.
Baada ya mavuno kazi ni nyingi, kisha barabara inapoa. Kukodi miezi 10 kwa mwaka kwa bei ileile ni milioni 38.3 za leo, chini ya kununua hata ukiuza kenta kwa 24. Anayenunua naye aweke upande wake mapato ya kulikodisha gari miezi hiyo miwili, ikiwa ana mteja wa uhakika.