Saa moja ya video inakula mega ngapi? Tupime mbele ya kununua forfe



Mu somo hili tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunaongea juu ya mega. Vikundi vingi vinatuambia kama vinapenda kuangalia masomo ya video pa telefone, lakini forfe inaisha mbele ya somo kuisha. Hata sisi jambo hilo lilitupata. Tulikuwa na kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa upande wa Kalehe, tukaleta somo la dakika 40 juu ya kukata matawi ya mikahawa mizee. Tulinunua mega 500, tukaona ni nyingi. Kufika dakika ya 25, picha ikasimama. Mama mmoja akasema: «Baba animateri, rezo imetuibia!» Watu wote wakakubali, na sisi pia tulikuwa karibu kukubali.

Tuliporudi nyumbani tukapiga hesabu. Telefone yetu ilikuwa imewekwa pa «Auto», na siku ile rezo ilikuwa nzuri sana pale kilimani. Rezo ikiwa nzuri, «Auto» inapandisha picha yenyewe bila kukuuliza. Picha ilikuwa imepanda mpaka 720p, na pa kiwango kile dakika moja inaweza kula karibu mega 20. Gawanya 500 kwa 20, unapata 25. Hakuna mtu aliyeiba kitu. Kama tungeshusha picha pa 360p, dakika moja ingekula mega 4 ao 5, na mega 500 zingetosha saa moja na nusu na zaidi.

Sasa namba hizo 144p, 360p, 720p maana yake nini? Picha ya video imetengenezwa na nukta ndogo ndogo, zimepangwa mistari kwa mistari sawa shamba la maharagi. Namba inasema mistari iko mingapi toka juu mpaka chini. Ukitoka 360p kwenda 720p, mistari inakuwa mara mbili, na nukta mu kila mstari nazo zinakuwa mara mbili. Kwa hiyo nukta zote zinakuwa mara nne. Mega hazipande mara nne kamili kila wakati, kwa sababu video inakandamizwa mbele ya kutumwa, lakini mara tatu ao nne ni jambo la kawaida.

Hizi hapa ni namba za kuandika mu kaye ya kikundi. Ni makadirio ya saa moja:

Sauti peke, bila picha: mega 30 mpaka 60
144p: mega 60 mpaka 100
240p: mega 100 mpaka 180
360p: mega 200 mpaka 300
480p: mega 350 mpaka 550
720p: mega 700 mpaka 1200
1080p: jiga 1 na nusu mpaka 2 na nusu

Mutauliza: mbona kila mstari uko na namba mbili? Ni kwa sababu video hazifanane. Mwalimu akikaa pahali pamoja anaongea, picha haibadilike sana, mega zinakuwa chache. Lakini video ya watu wanatembea mu shamba, majani yanachezeshwa na upepo, kamera inazunguka, ile inakula zaidi hata kama kiwango ni kile kile. Sisi, tukipanga forfe, tunachukua kila mara namba kubwa. Afazali mega zibaki kuliko kukatiwa katikati.

Lakini namba zetu ni za kuanzia tu. Namba ya kweli ni ile utapima na telefone yako mwenyewe, na kazi hiyo haipite robo ya saa. Chagua video ya dakika 10. Ukishaifungua, gusa kialama cha gurudumu lenye meno, tafuta «Qualité», chagua 360p. Usiache «Auto», juu kipimo kitaharibika. Video ikishaanza pa 360p, isimamishe, uirudishe pa mwanzo. Kisha ingia mu «Paramètres» ya telefone, tafuta pahali pameandikwa «Utilisation des données» ao «Consommation des données». Pale utaona telefone imekula mega ngapi toka mwanzo wa mwezi. «Mo» ni mega, «Go» ni jiga. Andika namba ile. Rudi, angalia video mpaka mwisho, kisha rudi uandike namba mpya.

Tuchukue mfano. Mbele ya video, telefone inaonyesha 412 Mo. Kiisha video, inaonyesha 455 Mo. Toa 412 mu 455, inabaki 43. Zile ni mega za dakika 10. Saa moja iko na dakika 10 mara sita, basi 43 mara 6 ni 258. Telefone yako, pa 360p, inakula karibu mega 258 kwa saa, na namba hiyo inaingia vizuri kati ya 200 na 300.

Kuko makosa mawili yanayoharibisha kipimo hiki. La kwanza ni kupima dakika 2 tu na kusimamisha. Video inatangulia kubeba sehemu inayokuja, unaona mstari wa rangi ya kijivu unakimbia mbele. Ukiisimamisha katikati, utahesabu mega za dakika ambazo haujaangalia, na hesabu itakuwa kubwa kuliko kweli. Ndiyo maana tunasema uende mpaka mwisho. La pili ni kusahau programu zingine. WhatsApp inaweza kuwa inashusha picha za vikundi vyako vyote, na Play Store inaweza kuwa inafanya «mise à jour» kimya kimya. Ukipata mega 150 kwa dakika 10 pa 360p, usisumbuke na video. Tafuta mwizi mwingine ndani ya telefone yako mwenyewe. Mu kurasa ile ile ya «Utilisation des données», telefone inakuonyesha kila programu imekula ngapi.

Sasa, kiwango gani kinatosha? Hapa hatukubaliane na wale wanaosema shusheni kila kitu pa 144p. Kama somo ni la kusikiliza, bei za soko ao mkutano wa kooperative, 144p inatosha kabisa, hata sauti peke. Lakini kama somo ni la kuonyesha madoa ya ugonjwa pa majani ya muhogo, pa 144p majani yote yanaonekana kama mboga zilizopikwa. Tulijaribu, watu hawakuweza kutofautisha jani lenye kozo na jani zima. Pa telefone ndogo inayozungukwa na watu watano ao sita, 360p inaonyesha madoa vizuri. Pa ordinateri ao pa projekteri, 480p ndiyo inafaa. 720p hatujaona bado somo la kilimo lililoihitaji.

Tupige sasa hesabu ya forfe. Kikundi kinataka kuangalia masomo matatu kila juma, kila somo dakika 15, kwa majuma manne. Kwa juma ni dakika 45, kwa mwezi ni saa 3. Tumechagua 360p, tunachukua namba kubwa, mega 300 kwa saa. Juma moja linataka mega 225. Tunaongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya kutafuta video, matangazo, na kurudilia pahali watu hawakuelewa. Inafika mega 270 kwa juma, ni kusema mega 1080 kwa mwezi.

Tuseme pa duka wanatupatia forfe tatu. Bei hizi ni za mfano tu, mutaweka zile za kwenu. Ya kwanza ni ya siku moja, mega 300 kwa franka 1000. Ya pili ni ya siku saba, jiga 1 na nusu kwa franka 3500. Ya tatu ni ya siku 30, jiga 1 na nusu kwa franka 7000.

Mtu anaweza kukimbilia ile ya mwezi, juu kikundi kinafanya kazi mwezi muzima. Franka 7000. Lakini kama munaangalia masomo yote matatu siku moja ya juma, siku ya mkutano, forfe ya siku moja inatosha: 270 inaingia mu 300. Mara nne ni franka 4000. Ile ya siku saba inaonekana haifai, juu nyuma ya juma la kwanza mega zilizobaki zinakufa. Angalia lakini: mega 1080 zinaingia mu jiga 1 na nusu. Kama masomo ni ya kupakua, munaweza kupakua yote 12 ndani ya juma lile moja, muyaweke pa karte memwari, na kuyaangalia mwezi muzima bila koneksio. Hapo mumelipa franka 3500, na video mutaweza kuzirudilia mara kumi bila kulipa kitu.

Access Agriculture, kwa mfano, iko na masomo ya video ya wakulima mu luga nyingi, Kiswahili nacho kiko, na yanaweza kupakuliwa. Ukipakua, hesabu inakuwa nyepesi zaidi: faili ya mega 45 inakula mega 45, basi. Kisha munapitishiana kwa Bluetooth, na haikule mega hata moja. Lakini watu watano wakiangalia somo lile lile kila mtu pa telefone yake kupitia rezo, kikundi kimelipa mara tano.

Neno moja la kuangalia mbele ya kufungua video: mega za forfe zikiisha, pengine koneksio haikatike, inaendelea kula inite zako za kupiga simu, na bei yake iko juu kuliko ya forfe. Uliza pa duka kama laini yako inafanya vile. Kama inafanya, usibakishe inite nyingi siku ya somo, ao uweke mpaka mu telefone, pale pale pa «Utilisation des données», ili ikate yenyewe kufika mega 270 juu ya zile telefone imeshakula toka mwanzo wa mwezi.

Pa mkutano unaokuja, kila kikundi kilete kipimo chake: aina ya telefone, kiwango cha picha, namba ya mbele na namba ya nyuma. Tutaziandika pamoja pa ubao na kulinganisha.