Kulipa Deni Si Kufunguliwa Rehani
Mambo ya kukagua katika barua ya kumaliza mkopo: kwa wakopaji wa Rumonge na mwambao wa Tanganyika

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu malalamiko ya aina moja yamezidi. Mtu amelipa mkopo wote, ana bodero mkononi, ameshawaambia jirani kwamba hadaiwi. Mwaka wa pili anataka kuuza kipande cha shamba au kukopa mahali pengine, anaambiwa shamba bado limefungwa. Wengi hudhani wameibiwa. Tukiziangalia karatasi, mara nyingi kosa lilikuwa ndani ya barua tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeisoma.

Tunazungumzia mikopo ya benki na ya taasisi ndogo za fedha zilizoruhusiwa na Benki Kuu, BRB, ikiwemo ile ya vyama vya akiba na mikopo. Deni la mtu kwa mtu halimo humu.

Barua hii ni ipi?

Ni karatasi unayoiomba kabla ya kulipa, unapotaka kumaliza mkopo mapema au kulipa salio la mwisho. Iombe kwa maandishi. Neno la mdomo la ajenti wa mikopo, hata awe mtoto wa dada yako, si barua. Namba aliyokutumia kwa simu si barua. Karatasi yenyewe iwe na nembo ya taasisi, namba ya mkopo wako, jina na saini ya mwenye mamlaka, na muhuri. Kama imeandikwa kwa Kifaransa na hukielewi vizuri, usilipe kabla hujasomewa na mtu usiyemtilia shaka.

Ndani yake yatafute mambo matatu: salio, tarehe na dhamana.

Salio na tarehe ni kitu kimoja

Tuchukue mfano. Mzee mwenye shamba la michikichi alikopa faranga 6,000,000 anunue mashine ya kukamua mawese. Alipewa miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio. Kila tarehe 1 alirudisha faranga 250,000 za mtaji pamoja na riba ya mwezi. Tarehe 1 Juni alilipa awamu ya 16. Mtaji uliobaki ni faranga 2,000,000.

Hesabu ya riba ya kila siku si ngumu. Asilimia 18 ya 2,000,000 ni 360,000 kwa mwaka. Taasisi yake huuhesabu mwaka kuwa siku 360, kwa hiyo riba ni faranga 1,000 kwa siku. Barua aliyopewa inasema alipe kufikia tarehe 16 Juni. Siku ni 15, riba ni 15,000, jumla ni 2,015,000. Barua iko sawa.

Lakini mzee alisubiri mnunuzi wa mawese kutoka Bujumbura. Akafika dirishani tarehe 23 Juni akiwa na 2,015,000 zile zile, akapokelewa, akapewa bodero. Siku zilikuwa zimefika 22, hivyo alipaswa kulipa 2,022,000. Zikabaki faranga 7,000. Hizo ni fedha ndogo, ila zinatosha kuuacha mkopo wazi, kuanzisha faini ya ucheleweshaji na kuzuia dhamana isiachiliwe. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Kwa hiyo barua isiyo na tarehe ya mwisho ya kulipa, irudishe. Barua isiyotaja riba ya kila siku baada ya tarehe hiyo, omba iandikwe. Na tarehe ikishapita, omba barua mpya. Usilipe kwa barua ya zamani! Mvuvi wa ndagala apange mapema: usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki na mitumbwi hupumzika, basi tarehe ya kulipa isiangukie siku ambazo mfuko ni mtupu.

Linganisha pia salio na bodero zako zote. Awamu uliyolipa kwa simu siku mbili kabla ya barua kuandikwa inaweza kuwa bado haijaingizwa. Kila ada au faini iwe na mstari wake. Ukiona jumla moja tu bila mgawanyo, huwezi kuikagua. Omba mgawanyo wa mtaji, riba, faini na ada, kisha uulinganishe na mkataba.

Hapa ndipo watu wanapoumia: dhamana

Tunarudia: kulipa deni si kufunguliwa rehani. Rehani ya ardhi yenye hati miliki imeandikwa katika daftari la ofisi ya hati. Haijifuti siku unapolipa. Inafutwa pale mkopeshaji anapotoa barua ya kuachilia dhamana, ile ambayo mabenki huiita menleve, na karatasi hiyo ikafikishwa kwenye ofisi iliyoiandika rehani. Cheti kinachosema "hadaiwi tena" ni kizuri, lakini hakifuti chochote katika daftari.

Barua ya kumaliza mkopo iliyo kamili huwa na maneno kama haya: "Tukishapokea kiasi hiki kufikia tarehe hii, tutaachilia dhamana zifuatazo." Kisha zitajwe moja moja: shamba kwa namba ya hati yake, injini ya mtumbwi kwa namba iliyochongwa juu yake, na kila mdhamini kwa jina. Kinachoachwa nje ya orodha, hesabu kwamba kimebaki kifungoni.

Kwa Rumonge kuna mtego wake. Mkoa wa Rumonge uliundwa mwaka 2015, na sehemu yake ilimegwa kutoka Bururi. Tangu mwaka 2025 komini ya Rumonge iko katika mkoa wa Burunga. Shamba moja linaweza kusomeka Bururi kwenye hati, Rumonge kwenye mkataba na Burunga kwenye barua. Lisikushtue jina la mkoa. Shika namba ya hati, mipaka na jina la mwenye shamba. Hivyo vikitofautiana hata kwa tarakimu moja, barua irekebishwe kabla ya kulipa. Katika eneo ambalo mashamba ya michikichi yamegombaniwa sana tangu wakimbizi wa 1972 waanze kurudi, karatasi yenye kasoro ni silaha ya mwingine.

Kama ardhi yako ina cheti cha komini, kile kilichokuja na sheria ya ardhi ya mwaka 2011, ulizia kwenye ofisi ya ardhi ya komini kama rehani iliandikwa huko pia.

Swali moja zaidi, na uliulize waziwazi: "Je, dhamana hii inashikilia deni lingine?" Mikataba mingi huruhusu shamba moja kulinda madeni yote ya mteja, hata lile alilomdhamini mpwa wake. Ukilipa la kwako huku la mpwa likiwa wazi, shamba halitoki. Jibu liandikwe ndani ya barua.

Baada ya kulipa

Lipa dirishani au kwenye akaunti ya mkopo tu. Usimkabidhi mtu fedha. Kisha dai vitu vinne: bodero, taarifa ya akaunti inayoonyesha sifuri, menleve yenye saini, na hati yako halisi, wala si nakala. Peleka menleve ofisi ya hati, halafu uhakikishe rehani imefutwa kweli daftarini.

Ukizungushwa, andika lalamiko kwa taasisi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, lipeleke BRB pamoja na nakala hiyo. Waliokuja kwetu na karatasi zote tuliwasaidia, na tunajivunia hilo. Waliokuja na maneno matupu tuliwarudisha wakatafute karatasi.