46 ya urea na 46 ya DAP: nambari za mfuko zinatoka wapi?



Kwenye depo ya ushirika kuna mifuko miwili ya kilo 50. Mmoja umeandikwa Urea 46-0-0, mwingine DAP 18-46-0. Wanachama wengi wanaona 46 huku na 46 kule, na wanafikiri ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Anayechanganya hizo nambari mbili anaweza kutia shambani chini ya nusu ya mbolea inayotakiwa, halafu akasema mbegu ni mbaya.

Ili tuelewe, tuchukue hesabu moja ambayo watoto wetu wa sekondari wanafanya katika somo la kemia, ile wanaita shimi. Inaitwa asilimia ya elementi katika msombo kwa uzito. Msombo ni kitu ambacho ndani yake atomi za aina mbali mbali zimefungana kwa idadi ambayo haibadiliki. Maji ni msombo. Chumvi ni msombo. Urea pia ni msombo. Swali ni hili: katika kilo 100 za msombo huo, ni kilo ngapi ni za elementi ile tunayotaka?

Tuanze na urea

Kile tunachotafuta katika urea ni azoti, ile ambayo vitabu vya Tanzania na Kenya vinaita naitrojeni. Ndiyo inafanya majani ya mahindi yawe kijani. Formula ya urea inaandikwa hivi:

CO(NH2)2

C ni karboni, O ni oksijeni, N ni azoti, H ni hidrojeni. Ile 2 ya nje ya mabano inazidisha kila kitu kilicho ndani ya mabano. Kwa hiyo azoti ni 2, na hidrojeni ni 2 mara 2, ndiyo 4. Karboni ni 1 na oksijeni ni 1.

Kila atomi iko na uzito wake, unaopatikana kwenye jedwali la elementi katika daftari la mwanafunzi. Karboni ni 12, oksijeni ni 16, azoti ni 14, hidrojeni ni 1. Sasa tujumlishe:

Karboni: 1 × 12 = 12
Oksijeni: 1 × 16 = 16
Azoti: 2 × 14 = 28
Hidrojeni: 4 × 1 = 4
Jumla: 60

Katika sehemu 60 za uzito wa urea, sehemu 28 ni azoti. Tunagawa 28 kwa 60, tunazidisha mara 100, tunapata 46,7. Hiyo ndiyo 46 ya mfuko wetu. Haikutoka kichwani kwa muuzaji; imetoka ndani ya urea yenyewe.

Juu ya nini mfuko unasema 46 na si 46,7? Kwa sababu hesabu yetu ni ya urea safi kabisa, lakini ile ya kiwanda inabakia na unyevu kidogo na vitu vingine vidogo. Kiwanda kinaandika kiasi ambacho kinaweza kuhakikisha.

Hapa kuna jambo la kukumbuka sokoni: 46,7 ni mwisho. Mtu akikuletea urea na kusema "hii yangu ni ya nguvu, iko na azoti asilimia 50", ujue anadanganya, hata bila kufungua mfuko. Hakuna kiwanda kinachoweza kuongeza azoti katika urea, kwa sababu idadi ya atomi haibadiliki. Kupungua inaweza, kama mtu amechanganya na kitu kingine. Kilo 10 za chumvi zikiingia mahali pa kilo 10 za urea, mfuko wa kilo 50 unabakia na kilo 40 za urea. Azoti inashuka kutoka kilo 23 hadi kilo 18,4, na mizani haitaonyesha kitu: bado ni kilo 50. Ukiwa na mashaka, tia punje chache kwenye kijiko cha chuma juu ya makaa, inje ya nyumba. Urea inayeyuka kama mafuta na inatoa harufu kali ya amonia, kama ile ya mkojo uliolala. Chumvi na mchanga havitayeyuka juu ya makaa. Punje zake zitabakia. Hiyo ni dalili tu, haikupi asilimia. Asilimia yenyewe inapimwa katika laboratwari.

Kosa ambalo wanafunzi wanafanya mara nyingi ni kusahau ile 2 ya nje ya mabano. Wanahesabu azoti moja na hidrojeni mbili, wanapata jumla ya 44, halafu 14 kugawa kwa 44, karibu 32. Ukiona daftari la mtoto wako limeandika urea asilimia 32, umuonyeshe mfuko.

Mfuko wa bei ya chini unaweza kuwa ghali

Tuseme muuzaji analeta pia salfati ya amonia. Formula yake ni (NH4)2SO4, na S ni salfa, uzito wake 32. Azoti ni 2, ndiyo 28. Hidrojeni ni 8, ndiyo 8. Salfa ni 1, ndiyo 32. Oksijeni ni 4, ndiyo 64. Jumla ni 132. Tunagawa 28 kwa 132, tunapata asilimia 21. Azoti ni atomi mbili kama katika urea, lakini hapa imezungukwa na vitu vizito, ndiyo maana sehemu yake ni ndogo.

Sasa tuweke bei za mfano. Ninyi mtaweka za soko lenu. Urea ni dola 50 kwa mfuko wa kilo 50, salfati ya amonia ni dola 35. Komite inaweza kusema tununue ile ya 35. Lakini tuhesabu azoti.

Mfuko wa urea: 46 kwa mia ya kilo 50 ni kilo 23 za azoti. Dola 50 kugawa kwa 23, kila kilo ya azoti inatuuzia dola 2,17.

Mfuko wa salfati: 21 kwa mia ya kilo 50 ni kilo 10,5 za azoti. Dola 35 kugawa kwa 10,5, kila kilo ya azoti ni dola 3,33.

Kama shamba la hektari moja linahitaji kilo 46 za azoti, mifuko 2 ya urea inatosha, dola 100. Kwa salfati utahitaji kilo 219, ni kusema mifuko 4 na kilo 19 juu yake, karibu dola 153. Na bado haujalipa moto au chukudu ya kubeba ule mzigo mkubwa hadi shambani.

Je, salfati ni mbaya? Hapana. Iko pia na salfa asilimia 24, na kama udongo wako umekosa salfa, hiyo ni faida ambayo urea haina. Lakini inaongeza uchachu wa udongo kuliko urea, na mashamba mengi ya milima yetu tayari yana uchachu. Na urea nayo iko na ugonjwa wake: ukiiacha juu ya udongo kwenye jua, sehemu ya azoti inageuka amonia na kwenda na upepo. Uifukie sentimita 5 hivi, pembeni ya shina, bila kugusa shina. Asilimia inakuambia kilichoko ndani ya mfuko. Haikuambii ni kiasi gani mmea utakula.

46 ya DAP ni nini?

Kwenye mfuko, nambari ya kwanza daima ni azoti, ya pili ni upande wa fosfori, ya tatu ni upande wa potasi. Kwa DAP 18-46-0, azoti ni 18. Ile 46 inasimama mahali pa fosfori, lakini si kilo za fosfori. Kwa desturi ya zamani ya wanakemia, fosfori inaandikwa kana kwamba iko katika umbo la oksidi, P2O5. Ndani ya mfuko hakuna unga wa P2O5; ni namna ya kuhesabu tu.

Fosfori iliyo ndani ya P2O5 tunaipata kwa njia ile ile. Uzito wa P ni 31. Fosfori 2 ni 62, oksijeni 5 ni 80, jumla 142. Tunagawa 62 kwa 142, tunapata asilimia 43,7. Kwa hiyo kilo 46 za P2O5 zinabeba kilo 20 tu za fosfori. DAP yetu iko na fosfori asilimia 20, si 46.

Tazama sasa hatari. Karatasi ya agronomu inasema: tia kilo 20 za P kwa hektari. Mkulima anayefikiri 46 ni fosfori atagawa 20 kwa 0,46 na kununua kilo 43 za DAP, hata mfuko mmoja haujai. Anayejua atagawa 20 kwa 0,20 na kununua kilo 100, mifuko 2. Yule wa kwanza ametia chini ya nusu. Maharagi yake yatakuwa madogo, yenye mizizi mifupi, na yeye atatafuta kosa mahali pengine.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, uangalie kwenye karatasi kama wameandika P au P2O5. Kama ni P2O5, ugawe moja kwa moja na nambari ya mfuko. Kama ni P, ubadilishe kwanza: zidisha kilo za P mara 2,3, utapata kilo za P2O5. Potasi nayo inaandikwa kama oksidi, K2O. Azoti peke yake ndiyo inaandikwa jinsi ilivyo.

Na mbolea ya NPK 17-17-17? Ile si msombo mmoja, ni mchanganyiko wa misombo kadhaa. Haina formula moja, kwa hiyo hesabu yetu haiwezi kukupa 17. Hapo tunategemea maandishi ya kiwanda.

Zoezi la nyumbani

Chokaa ya kilimo ni CaCO3. Uzito wa Ca, ndiyo kalsiamu, ni 40; wa C ni 12; wa O ni 16. Mfuko wa kilo 50 wa chokaa safi uko na kilo ngapi za kalsiamu?

Jibu: 40 + 12 + 48 = 100. Kalsiamu ni asilimia 40, kwa hiyo ni kilo 20 katika mfuko. Ukipata nambari nyingine, angalia kama umezidisha oksijeni mara 3.