Kabla hujalipia gari Kabalagala

Fungua boneti kabla ya kuzungumzia bei. Kwenye Toyota nyingi kutoka Japani, namba ya chasisi imegongwa kwenye bati la nyuma ya injini. Ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Isipofika herufi 17 usishtuke, magari ya soko la Japani ndivyo yalivyo. La kushtua ni bati lililosagwa, kuchomelewa au kupakwa rangi mpya hapo tu.

Kadi halisi nayo haitoshi. Kwa sheria ya 2019, mkopeshaji anaweza kusajili dai lake URSB huku kadi ikibaki kwa mwenye gari. Basi litafute dai hilo kwanza, kisha mwombe muuzaji mpeleke gari kwa polisi wa Interpol likaguliwe. Akianza visingizio, usiache hata malipo ya awali.