Mkate wa Brauni Una Nyuzinyuzi Kiasi Gani?

Dukani, mkate wa brauni mara nyingi huuzwa ghali kidogo kuliko mweupe, na wengi wanaouchukua huamini kwamba hiyo ziada wanalipia nyuzinyuzi. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine wamelipia rangi tu: unga ni uleule mweupe, umetiwa karameli au kimea ukaiva kahawia. Jibu liko mgongoni mwa mfuko, mara nyingi pale unaposokotwa na kubanwa kwa klipu, kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima hulazimika kuzisogelea.

Nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita pia makapimlo, ni sehemu za mimea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Katika mwongozo wake wa 2023, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye vyakula vilivyo nazo kiasili.

Jedwali la virutubisho mara nyingi huwa na safu mbili za namba. Moja ni ya kila gramu 100, nyingine ni ya mlo mmoja. Safu ya gramu 100 ndiyo ya kulinganishia bidhaa, kwa sababu kiasi cha mlo hupangwa na mtengenezaji: huyu ataandika slesi moja, yule slesi mbili. Kodeksi, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka mipaka kwenye safu hiyohiyo. Chakula kigumu chenye angalau gramu 3 katika kila gramu 100 kinaweza kuitwa chanzo cha nyuzinyuzi. Kikifika gramu 6, kinaweza kuitwa chenye nyuzinyuzi nyingi.

Chukua mikate miwili ya mfano, yote ya brauni, kila slesi gramu 30. Wa kwanza unaonyesha gramu 3 za nyuzinyuzi katika gramu 100, wa pili gramu 7. Anayekula slesi mbili asubuhi amekula gramu 60 za mkate. Kwa ule wa kwanza amepata gramu 1.8, kwa wa pili gramu 4.2. Wa pili umestahili sifa ya kuwa na nyuzinyuzi nyingi, ila hata huo haujafika robo ya zile gramu 25, kwa hiyo maharage ya mchana bado yanahitajika.

Orodha ya viambato hueleza tofauti hiyo imetoka wapi. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Mkate unaoanza na "unga wa ngano" bila maelezo mengine kwa kawaida ni wa ngano iliyokobolewa, hata kama mbele pameandikwa "nafaka mchanganyiko" na pamechorwa masuke. Neno la kutafutwa mwanzoni kabisa ni ngano isiyokobolewa, au ngano nzima. Pumba za ngano zikitajwa baada ya chumvi, zimenyunyizwa kwa ajili ya macho.

Biskuti ndizo zenye ujanja zaidi. Tuseme pakiti inataja mlo tu: biskuti mbili, gramu 25, nyuzinyuzi gramu 1, wanga gramu 16. Gawanya 1 kwa 25, zidisha kwa 100: ni gramu 4. Kwa kipimo cha Kodeksi biskuti hizo ni chanzo halali cha nyuzinyuzi. Lakini kuna kipimo kingine chepesi ambacho watu wa lishe hukitumia kwa vyakula vya nafaka: gawanya wanga kwa nyuzinyuzi, na jibu lisizidi 10. Hapa ni 16, maana yake unga mweupe na sukari vimetawala. Ule mkate wa pili, ukiwa na wanga gramu 42 katika gramu 100, unatoa 6.

Kuna bidhaa zinazopita vipimo hivyo vyote kwa nyuzinyuzi za kuongezwa kiwandani, hasa inulini, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye mizizi ya chikori. Si sumu, ila ikiliwa nyingi kwa mkupuo hujaza tumbo gesi, na haiji na madini na vitamini za punje nzima. Nayo hutajwa kwenye viambato.

Na pakiti isiyo na mstari wa nyuzinyuzi? Kodeksi haiuweki miongoni mwa mistari ya lazima, hivyo kukosekana kwake si sifuri. Kwenye pakiti ya unga wa mahindi isiyoutaja, neno dona au sembe husaidia: dona husagwa na pumba na kiini chake, sembe husagwa baada ya kuviondoa. Mstari ukiwepo, kwa kawaida ile gramu 100 ni ya unga mkavu. Ugali ukishaiva umenyonya maji mengi, kwa hiyo gramu 100 za ugali sahanini zina nyuzinyuzi chache kuliko namba ya kwenye pakiti.