Miwani imefika nzima, lakini kioo kina nyufa kama utando wa buibui: usiibebe juu ya dashibodi

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, somo la leo ni la wanaouza miwani, hasa mnaoagiza Dar na kusambaza Chake, Wete, Konde na Mkoani.

Malalamiko yenyewe mnayajua. Mteja anapokea mzigo, siku ya pili anakutumia picha: "Mbona kioo kimechakaa? Umeniuzia mtumba?" Wewe unajua ilikuwa mpya. Fremu haina mkwaruzo, kasha ni zima, kitambaa bado kimo kwenye nailoni. Lakini kioo ukikitazama kwenye taa kina vistari vingi vyembamba vilivyokatizana. Mara nyingi hapo hakuna aliyedanganya. Miwani imepigwa na joto.

KWA NINI INATOKEA

Lenzi nyingi za siku hizi ni plastiki, si kioo, ingawa wote tunaita kioo. Juu ya plastiki kuna utando wa kuzuia mng'ao. Ndio ule ukigeuza miwani kwenye taa unaona rangi ya kijani, buluu au zambarau. Utando huo ni mgumu, wa madini yanayofanana na kioo, na ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia.

Plastiki ikipata joto inatanuka sana. Utando wa juu hautanuki kiasi hicho. Fikiria hina iliyokauka mkononi: ukikunja na kukunjua vidole, ngozi inakwenda lakini hina haiendi nayo, inapasuka vipande vidogo vidogo. Lenzi ni hivyo hivyo. Na utando ukishapasuka, hata joto likishuka haujiungi tena.

Watengenezaji wengi wa lenzi za plastiki wanaonya usizipitishe nyuzi 60 za joto. Sasa tuone nyuzi 60 tunazikuta wapi.

DASHIBODI NDIO ADUI

Mwaka 2018 watafiti wa Arizona, Marekani, walitoa matokeo ya kupima magari yaliyoegeshwa juani siku za joto la nyuzi 38 na zaidi. Baada ya saa moja, hewa ya ndani ilikuwa wastani wa nyuzi 47. Viti vilikuwa kama 51. Dashibodi ilikuwa 69. Magari yaliyowekwa kivulini, dashibodi ilikuwa 48 tu.

Pemba hatufiki 38, hata wakati wa kaskazi tunacheza kwenye 32 au 33. Lakini jua letu linapiga utosini, na dashibodi nyeusi chini ya kioo cha mbele inaunguza mkono. Angalia tofauti iliyomo kwenye namba hizo: ndani ya gari lile lile, saa ile ile, kitini ni salama na dashibodi si salama. Kwa hiyo gari si tatizo. Tatizo ni mahali ulipowekwa mzigo.

Na hapa ndipo tunapojiponza. Unampa dereva boksi dogo unamwambia, "Hii inavunjika, iweke vizuri." Dereva muungwana anaiweka mbele, juu ya dashibodi, aione njia nzima. Kisha anaegesha bandarini Mkoani saa nzima akisubiri abiria wa boti. Hajafanya ubaya, ila mzigo umeshapikwa.

TUPIGE HESABU

Tuseme umeagiza miwani 12 kwa shilingi 18,000 kila moja. Mtaji ni 216,000. Unauza 30,000. Boksi limekaa dashibodini, miwani 5 za juu zimepasuka utando. Zimebaki 7. Ukiziuza zote unapata 210,000. Yaani umeuza yote yaliyokuwa mazima na bado una hasara ya 6,000, hujahesabu nauli ya mzigo. Na nyufa hizi hazitengenezeki: hakuna dawa, hakuna kupaka, hakuna kusugua. Ni kubadilisha lenzi.

UTAJUAJE NI JOTO, SI MKWARUZO?

Shika miwani chini ya taa, igeuze taratibu mpaka uone ile rangi ya kijani au zambarau. Mkwaruzo ni mstari mmoja au michache, una mwanzo na mwisho, na ukiwa mkubwa ukucha unaushika. Nyufa za joto ni nyingi, zimekatizana kama tope lililokauka bondeni, ukucha hauzihisi, na mara nyingi zipo kwenye lenzi zote mbili. Aliyeivaa atakwambia usiku taa za bodaboda zinamtawanyikia machoni.

Ukiona uchafu tu, safisha kwanza. Mafuta ya vidole yanatoka, nyufa hazitoki.

MZIGO USAFIRI VIPI

1. Mwambie dereva wazi: "Usiweke dashibodini, weka kwenye kiti au mfukoni nyuma ya kiti." Ukisema "weka vizuri" hujamwambia kitu. Andika pia juu ya boksi: MIWANI. ISIPIGWE JUA.

2. Kwenye Haisi usikubali iwekwe sakafuni mbele. Injini iko chini ya viti vya mbele na pale panachemka. Katikati au nyuma ni bora.

3. Tumia boksi la rangi isiyokolea, na ndani zungushia magazeti. Hiyo inachelewesha joto, haiondoi. Boksi likikaa juani mchana kutwa litapata joto tu.

4. Kabla ya kutuma, piga picha kila lenzi chini ya taa, ile rangi ionekane. Mwombe mteja naye aangalie akipokea, dereva akiwapo. Hapo mtajua kasoro imetokea wapi, bila kugombana.

MAJI YA MOTO

Hili ni la mteja, lakini lawama zinarudi kwako. Watu wanaosha miwani kwa maji ya birika ili mafuta yatoke. Maji yanayochemka ni nyuzi 100, yamepita mpaka mbali, na akiitoa humo akaitia maji baridi anaongeza ubaya. Kipimo rahisi: maji ambayo mkono hauwezi kutulia ndani yake, miwani isiingie. Maji ya kawaida ya bomba na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, kisha kitambaa laini.

Na sisi wauzaji tuna mchezo wetu: fremu ya plastiki ikimbana mteja, tunaichovya nzima kwenye maji ya moto tuikunje. Toa lenzi kwanza. Kama huwezi kuitoa, chovya ncha ya mkono wa miwani pekee, ile inayokaa nyuma ya sikio, lenzi ibaki nje.

Miwani ya jua yenye kioo cha kung'aa kama kioo cha kujitazamia nayo ina utando, ihesabu humo humo. Lenzi za kioo halisi zinavumilia joto zaidi, ila wauzaji wachache wanazo siku hizi.

UJUMBE WA KUMTUMIA MTEJA

Nakili huu, umtumie pamoja na kila mzigo:

"Assalamu alaykum. Miwani yako inakuja leo. Ukipokea, iangalie chini ya taa kabla dereva hajaondoka, na kama kuna kasoro nipigie hapo hapo. Usiiache juu ya dashibodi wala karibu na jiko. Ioshe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, usitumie maji ya moto. Joto linapasua utando wa kioo na hautengenezeki. Ahsante kwa kununua kwetu."